Kukodi au kununua mtambo: hesabu ya thamani ya sasa baada ya kodi, hatua kwa hatua

Kampuni ndogo ya ujenzi jijini Dodoma imepata kazi ya mitaro na barabara za mitaa itakayochukua miaka 4. Inahitaji ekskaveta moja. Muuzaji anataka shilingi milioni 400 bila VAT. Upande mwingine yuko mwenye mitambo anayesema: chukua ya kwangu, nilipe milioni 120 kila mwaka, mwanzoni mwa mwaka, matengenezo makubwa na bima ni juu yangu. Baada ya miaka 4 unanirudishia mtambo wangu.

Kampuni hii ni ya mfano tu, lakini swali lake huulizwa kila siku, na mara nyingi hujibiwa kwa kikokotoo cha simu: milioni 120 mara 4 ni milioni 480, kununua ni milioni 400, basi tununue. Mwingine atasema ukinunua unalipa na riba ya benki, jumla inapita milioni 500, basi tukodi. Hesabu zote mbili zina kasoro. Zinajumlisha shilingi ya leo na shilingi ya mwaka wa nne kana kwamba zina thamani moja, zinasahau kwamba TRA inabeba sehemu ya kila gharama, na zinasahau kwamba ekskaveta ya miaka 4 bado inauzika.

Njia sahihi ni kuandika fedha inayoingia na kutoka kwa kila uamuzi baada ya kodi, mwaka kwa mwaka, kisha kuirudisha yote kwenye thamani ya leo kwa kutumia riba ya mkopo baada ya kodi. Uamuzi wenye gharama ndogo kwa thamani ya leo ndio wa kuchukua. Nitaifanya hesabu ya Dodoma mwanzo hadi mwisho, kwa mamilioni ya shilingi.

Hatua ya kwanza: hakikisha mkataba ni wa kukodi kweli

Kabla ya kugusa namba, soma mkataba. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania inatofautisha ukodishaji wa kawaida na ule ambao kwa hakika ni ununuzi uliovalishwa jina la kukodi, ambao kwenye mabenki huitwa karadha. Mkataba unaokupa umiliki mwishoni, au haki ya kununua kwa bei iliyokwisha kupangwa, au unaochukua zaidi ya asilimia 75 ya maisha ya kazi ya mtambo, unahesabiwa kuwa wa karadha. Hapo wewe ndiye unayechukuliwa kuwa mwenye mali. Huwezi kukata malipo yote ya kukodi mtambo kama gharama. Unakata uchakavu na ile sehemu ya malipo ambayo ni riba.

Kwa mkataba wa namna hiyo hesabu ya makala haya inabadilika: unachofananisha si kukodi na kununua, bali mikopo miwili ya kununulia kitu kilekile, na unachotazama ni riba ipi ndogo. Mkataba wetu wa Dodoma ni wa miaka 4, ekskaveta ikitunzwa inafanya kazi miaka 8 hadi 10, hakuna kipengele cha kununua, na mtambo unarudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo ni wa kukodi kweli, na milioni 120 zote zinakatwa kwenye faida kabla ya kodi.

Ukiwa hapohapo kwenye mkataba, tazama nani analipia nini. Mafuta na mshahara wa opareta utavilipa wewe uwe umekodi au umenunua, kwa hiyo vitoe kabisa kwenye hesabu. Kitu kinachofanana pande zote hakisaidii kuamua, kinajaza karatasi tu. Tunachotaka ni tofauti.

Hatua ya pili: tafuta riba ya mkopo baada ya kodi

Benki yako ingekukopesha kwa riba gani ukinunua ekskaveta hii na kuiweka rehani? Hiyo ndiyo namba ya kuanzia. Tuseme ni asilimia 16 kwa mwaka. Riba ya mkopo wa biashara inakatwa kwenye faida, na kampuni hulipa kodi ya asilimia 30, kwa hiyo kila shilingi 16 za riba zinakupunguzia kodi ya shilingi 4.80. Gharama yako halisi ni:

```
16% x (1 - 0.30) = 11.2%
```

Hapa kuna mtego mmoja. Wakopeshaji wengi hutaja riba ya mkupuo, inayohesabiwa juu ya mkopo wa mwanzo hadi mwisho bila kujali umeshalipa kiasi gani. Mkopo wa miezi 48 wenye riba ya mkupuo ya asilimia 9 unasikika wa bei nafuu, lakini ukiupima kwa salio linalopungua ni karibu asilimia 16. Usichukue 9 ukazidisha kwa 0.70. Igeuze kwanza, kwenye Excel:

```
=RATE(48,-136/48,100)*12
```

Hapo 100 ni mkopo, na 136 ni mkopo pamoja na riba ya asilimia 9 kwa miaka 4. Kama benki inakata pia ada ya kushughulikia mkopo na bima ya mkopo, punguza kwenye ile 100, kwa sababu hizo fedha hazikufikii mkononi.

Kwa nini tutumie riba ya mkopo na si faida ambayo wanahisa wanaitarajia, ambayo huwa kubwa zaidi? Kwa sababu kukodi ni deni. Ukisaini mkataba wa miaka 4 umejifunga kulipa milioni 120 kila mwaka, kazi iwepo isiwepo, mvua inyeshe isinyeshe. Benki ikija kukupima mwakani itaiona ahadi hiyo na kukupunguzia kiasi inachoweza kukukopesha. Anayekodi amekopa mtambo badala ya fedha, basi mshindani wa haki wa kukodi ni kukopa, na kipimo ni bei ya kukopa. Na kwa kuwa fedha zote tunazoziandika ni za baada ya kodi, riba nayo lazima iwe ya baada ya kodi.

Hatua ya tatu: upande wa kukodi

Huu ni mfupi. Milioni 120 zinalipwa mwanzoni mwa kila mwaka: leo, ambayo tunaiita mwaka 0, kisha mwisho wa mwaka wa 1, wa 2 na wa 3. Nafuu ya kodi ni asilimia 30 ya 120, yaani milioni 36, nayo tunaihesabu mwishoni mwa mwaka ambao mtambo umetumika: mwaka wa 1, 2, 3 na 4.

Kwa hiyo leo zinatoka 120. Mwisho wa mwaka wa 1, wa 2 na wa 3 zinatoka 120 na kurudi 36, yaani zinatoka 84. Mwisho wa mwaka wa 4 hakuna malipo, inabaki nafuu ya 36 inayoingia. Kuchelewa huko kwa nafuu kunasahaulika mara nyingi. Watu huandika 84 mara nne kuanzia leo, na kukodi kunaonekana rahisi kuliko kulivyo.

Nafuu hiyo ina sharti la mlangoni: risiti ya EFD. Malipo yasiyo na risiti yatakataliwa TRA wakifanya ukaguzi, na ile 84 itageuka kuwa 120. Mwenye mtambo anayekupa bei ya chini "bila risiti" hajakupunguzia kitu mpaka umepiga hesabu ya asilimia 30 unayoipoteza.

VAT ya asilimia 18 tumeiacha nje kwa sababu kampuni imesajiliwa na inairejesha kwenye ritani zake, iwe ya mtambo ulionunuliwa au ya malipo ya kukodi. Kama hujasajiliwa, iongeze pande zote mbili. Kwako ni gharama kama gharama nyingine.

Hatua ya nne: upande wa kununua

Hapa ndipo kazi ilipo. Kuna vitu vinne: bei, nafuu ya kodi inayotokana na uchakavu, gharama za mwenye mali, na bei ya kuuzia mwishoni.

Bei ni 400, inatoka leo yote. Ndiyo, hata kama benki ndiyo inayolipa. Nitarudi kwenye hilo baada ya kidogo.

Uchakavu wa kikodi haufuati vitabu vyako vya hesabu, unafuata Jedwali la Tatu la Sheria ya Kodi ya Mapato. Mitambo ya ujenzi na ya kuchimbia udongo iko Daraja la 1, asilimia 37.5 kwa mwaka ya thamani iliyobaki. Malori makubwa na mabasi ya abiria 30 na zaidi yako Daraja la 2, asilimia 25. Ukikosea daraja unapoteza mamilioni kwenye karatasi, basi litazame kwanza.

Kwa ekskaveta yetu, mwaka wa 1 uchakavu ni 150, na nafuu ya kodi ni asilimia 30 yake, 45. Inabaki 250. Mwaka wa 2 uchakavu ni 93.75, nafuu 28.1. Inabaki 156.25. Mwaka wa 3 uchakavu ni 58.6, nafuu 17.6, na inabaki 97.7 hivi.

Mwaka wa 4 tunaiuza. Tumekadiria bei ya milioni 160, asilimia 40 ya bei ya kununulia. Vitabu vya kodi vinasema mtambo una thamani ya 97.7, wewe umepata 160, na ile ziada ya 62.3 inaingizwa kwenye mapato na kutozwa asilimia 30, yaani 18.7. Kama ungeuza chini ya 97.7, upungufu ungekatwa na ungepata nafuu. Hivi ndivyo inavyokuwa ikiwa ekskaveta iko peke yake kwenye kundi la Daraja la 1. Kampuni yenye mitambo mingine ya daraja hilo huipunguza bei ya kuuzia kutoka kwenye thamani ya kundi zima, na kodi yake inajitokeza polepole miaka inayofuata kwa njia ya uchakavu mdogo. Hilo ni jema kwa mnunuzi, maana kodi inachelewa.

Gharama za mwenye mali ni zile ambazo ukikodi hulipi: bima na matengenezo makubwa, yaani pampu ya haidroli, minyororo ya chini, mabomba na sili. Tumekadiria 24 kwa mwaka. Baada ya nafuu ya asilimia 30 ni 16.8.

Sasa mkopo. Marejesho ya benki yako wapi kwenye hesabu hii? Hayamo, na hayatakiwi kuwamo. Chukua mkopo wa 100 wa mwaka mmoja kwa asilimia 16. Mwisho wa mwaka unalipa 116, unapata nafuu ya kodi ya 4.8 kwenye riba, umetoka na 111.2. Igawe 111.2 kwa 1.112, unapata 100. Mkopo ukipimwa kwa riba yake baada ya kodi una thamani ya sasa sawasawa na fedha uliyopokea, uwe wa mwaka mmoja au wa miaka 4. Riba imo tayari ndani ya kiwango cha asilimia 11.2. Anayeandika marejesho ya benki kwenye safu ya kununua, na kuacha bei ya 400 hapohapo, amelipia mtambo mara mbili. Ni kosa ninaloliona kwenye majedwali ya watu kuliko lingine lolote, na kila mara linamnufaisha mwenye mtambo wa kukodisha.

Hatua ya tano: rudisha yote kwenye thamani ya leo

Kizidisho cha kila mwaka ni 1 ikigawanywa kwa 1.112, kisha hiyo ikigawanywa tena kwa 1.112, na kuendelea. Alama ya kutoa ni fedha inayotoka.

| Mwisho wa mwaka | Kizidisho | Kukodi | Kununua |
|---|---|---|---|
| 0 (leo) | 1.0000 | −120.0 | −400.0 |
| 1 | 0.8993 | −84.0 | +28.2 |
| 2 | 0.8087 | −84.0 | +11.3 |
| 3 | 0.7273 | −84.0 | +0.8 |
| 4 | 0.6540 | +36.0 | +124.5 |
| Thamani ya sasa | | −301.0 | −283.5 |

Safu ya kununua imepatikana hivi: mwaka wa 1 ni nafuu ya 45 ukitoa gharama za 16.8, mwaka wa 4 ni 160 za mauzo ukitoa kodi ya 18.7 na gharama za 16.8. Miaka ya katikati ni vivyo hivyo.

Kwenye Excel, ukiweka kukodi mstari wa 2 na kununua mstari wa 3, mwaka 0 ukiwa safu ya B:

```
=B2+NPV(11.2%,C2:F2)
=B3+NPV(11.2%,C3:F3)
```

Usiingize B ndani ya mabano ya NPV. Excel inachukulia namba ya kwanza iliyo ndani kuwa ya mwisho wa mwaka wa 1, na itakupunguzia hata fedha uliyolipa leo.

Jibu: kununua kunaigharimu kampuni milioni 283.5 kwa thamani ya leo, kukodi milioni 301.0. Kununua kuna nafuu ya milioni 17.5. Tazama jinsi namba hizi zilivyo mbali na zile 400 na 480 za kikokotoo cha simu.

Kiwango kikikosewa, jibu linageuka

Rudia hesabu hiyohiyo, fedha zilezile baada ya kodi, ila tumia asilimia 16 badala ya 11.2. Kununua kunakuwa 298.0, kukodi kunakuwa 288.8. Sasa kukodi kunaonekana na nafuu ya milioni 9.2. Hakuna kilichobadilika kwenye mkataba wala kwenye mtambo, ila mtu amesahau kuzidisha riba kwa 0.70.

Sababu ni mpangilio wa fedha. Kununua kunabeba gharama yake kubwa leo na kurudisha fedha baadaye, hasa ile ya mauzo. Kukodi kunagawa gharama kwenye miaka. Kadiri kiwango kinavyokuwa kikubwa, fedha ya mbele inadharaulika zaidi, na anayelipa baadaye anaonekana mjanja. Kwa hiyo mtu akikuletea jedwali linalosema kukodi ni bora, kitu cha kwanza kuuliza ni kiwango alichotumia.

Kiwango ambacho majibu mawili yanalingana kina habari yake. Toa safu ya kukodi kutoka safu ya kununua, mwaka kwa mwaka: −280, +112.2, +95.3, +84.8, +88.5. Ziingize kwenye `=IRR(...)` na utapata karibu asilimia 14.3. Maana yake, kwa kukodi kampuni inabakiza milioni 280 mfukoni leo, na kwa hizo 280 inalipa gharama ya asilimia 14.3 baada ya kodi. Benki ingezitoa kwa 11.2. Ukigawa 14.3 kwa 0.70 unapata riba ya kabla ya kodi ya kama asilimia 20. Ukimwambia mkurugenzi thamani ya sasa atakusikiliza kwa heshima na kusahau. Mwambie mkataba huu ni sawa na mkopo wa asilimia 20 wakati benki inatupa kwa 16, ataelewa papo hapo.

Hatua ya sita: tikisa hesabu

Milioni 17.5 kwenye mtambo wa milioni 400 si pengo pana, na kuna namba moja kwenye jedwali ambayo hakuna anayeijua leo: bei ya kuuzia. Bei ya mtambo, riba na malipo ya kukodi vimeandikwa kwenye karatasi. 160 imetoka kichwani. Kila milioni 1 inayopungua kwenye bei ya kuuzia inapunguza nafuu ya kununua kwa milioni 0.458 ya leo, baada ya kodi na baada ya kuipunguza kwa miaka 4. Gawa 17.5 kwa 0.458, unapata 38. Kwa hiyo ekskaveta ikiuzwa kwa milioni 122, badala ya 160, pande mbili zinalingana. Chini ya hapo kukodi kunashinda.

Swali limebadilika sura, na sasa ni swali ambalo fundi na dalali wa mitambo wanaweza kulijibu: je, ekskaveta ya aina hii, ikiwa na saa za kazi za miaka 4, inapata milioni 122 sokoni? Chapa yenye vipuri na mafundi kila mkoa itavuka. Chapa ambayo muuzaji wake ni mmoja tu Dar es Salaam, sina hakika, na hapo ningeegemea kukodi hata kama jedwali langu la kwanza linasema nunua.

Wapo wanaoipunguza bei ya kuuzia kwa kiwango kikubwa kuliko fedha nyingine, kwa hoja kwamba haina uhakika wa mkataba. Hoja ni ya haki. Ukiipunguza sehemu hiyo, yaani zile 112 zinazobaki ukitoa asilimia 30 ya 160, kwa asilimia 18 badala ya 11.2, nafuu ya kununua inashuka hadi milioni 2 tu. Mimi napendelea kubaki na kiwango kimoja na kuandika bei ya kuuzia ninayoiamini kwa tahadhari, kwa sababu "milioni 122" inaweza kujadiliwa mezani, lakini "asilimia 18" haina wa kuiulizia. Usifanye yote mawili kwa pamoja, utakuwa umeiadhibu hatari moja mara mbili.

Matengenezo ni ya pili. Yakifika milioni 32 kwa mwaka badala ya 24, nafuu yote ya kununua imeliwa. Ukarabati wa pampu kuu ya haidroli mara moja, pamoja na siku ambazo mtambo umesimama, unaweza kukufikisha huko. Kampuni yenye fundi wake na gereji yake isimamie kwenye 24. Isiyo nayo ijiulize tena.

Ya tatu ni hali yako ya kodi. Hesabu yote imedhani kampuni ina faida ya kutosha kuzitumia hizo nafuu mwaka uleule. Kama una hasara inayoendelea na hutalipa kodi kwa miaka yote 4, kiwango cha kodi kwako ni sifuri: usizidishe riba kwa 0.70, tumia 16 yenyewe, na ondoa nafuu zote pande zote. Hapo kununua ni 378.8 na kukodi ni 389.5. Kununua bado kuna nafuu, ila ya 10.7 badala ya 17.5, kwa sababu uchakavu wa haraka wa asilimia 37.5 ulikuwa silaha ya mnunuzi, na asiyelipa kodi hana pa kuitumia. Mwenye mtambo mwenye faida anaitumia yeye, na kama soko lina ushindani atakurudishia kipande chake kwenye bei ya kukodi. Si vibaya kumkumbusha.

Hatua ya saba: nenda mezani na bei yako

Gawa gharama ya kununua, 283.5, kwa thamani ya sasa ya kila shilingi 1 ya kukodi baada ya kodi, ambayo kwa ratiba hii ni 2.508. Unapata milioni 113 kwa mwaka. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa ambayo kampuni inapaswa kukubali. Mwenye mtambo akishuka kutoka 120 hadi 110, kodi. Akishikilia 120, nenda benki.

Bei ikishindikana kushuka, jaribu ratiba. Malipo ya mwisho wa mwaka badala ya mwanzo, au ya kila mwezi badala ya mkupuo, yana thamani ya fedha taslimu, na mwenye mtambo wakati mwingine huachia ratiba kwa urahisi kuliko bei. Ukienda kwenye miezi, badili na kiwango: asilimia 11.2 kwa mwaka ni karibu 0.89 kwa mwezi, na nafuu za kodi ziweke kwenye miezi unayolipa kodi ya makadirio kwa TRA, si kila mwezi.

Kabla ya kusaini, ingiza kwenye safu ya kukodi vitu vilivyojificha kwenye kurasa za nyuma. Amana inatoka leo na kurudi mwaka wa 4 bila riba: amana ya milioni 40 inakugharimu milioni 13.8 za leo hata ikirudi yote. Ukomo wa saa za kazi kwa mwaka, na tozo ya kila saa inayozidi, ulinganishe na saa ambazo kazi yako inazihitaji kweli. Kipengele cha hali ya mtambo unaporudishwa kisomwe neno kwa neno, na pande zote mbili zisaini ripoti yenye picha siku ya kuupokea, la sivyo utalipia mikwaruzo na minyororo iliyochakaa kabla mtambo haujafika kwako. Na tafuta gharama ya kuvunja mkataba. Kazi ya halmashauri ikikatishwa mwaka wa pili, aliyenunua ana ekskaveta ya kuuza au kukodisha kwa wengine. Aliyekodi bila njia ya kutoka ana ankara mbili za milioni 120 zinazomsubiri.